Tundu Lililofunikwa na Utando Usio na Unene

Tuchukue bamba la plastiki la milimita 40 kwa 40, unene milimita 5, linalohitaji tundu la bolti katikati. Unalichora katika OpenSCAD, programu ya bure ambayo umbo huandikwa kwa maneno badala ya kuchorwa kwa kipanya. Unaandika mchemraba, unaandika silinda, kisha unaiamuru kompyuta iitoe silinda ndani ya mchemraba:

```
difference() {
  cube([40, 40, 5]);
  translate([20, 20, 0])
    cylinder(h = 5, d = 8, $fn = 64);
}
```

Bamba lina unene wa 5, silinda ina kimo cha 5, zote zinaanzia sakafu moja. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Ukibonyeza F5 kutazama picha ya haraka, mdomo wa tundu unajaa madoa yanayowakawaka. Ukizungusha umbo kidogo madoa yanahama: mara tundu liko wazi, mara limezibwa na kitu chembamba kisichoshikika.

Kutoa umbo ndani ya jingine, kuyaunganisha mawili au kubakiza pale yanapokutana tu, ni hesabu zilizopewa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. Ili kuzifanya, kompyuta inapaswa kujibu swali moja kwa kila kipande cha uso: je, kipande hiki kiko ndani ya umbo la pili au nje yake? Kilicho nje kinabaki. Kilicho ndani ya silinda kinaondoka. Nyuso mbili zikikatana kwa pembe, jibu ni rahisi, kwa sababu makutano yao ni mstari ulionyooka, na upande huu wa mstari ni ndani, upande ule ni nje.

Kwenye bamba letu kuna jambo jingine. Kifuniko cha juu cha silinda kimelala juu ya uso wa bamba, katika bapa lile lile. Makutano hapo si mstari bali eneo zima, na eneo hilo haliko ndani wala nje; liko mpakani. Hisabati ina kanuni safi ya kuamua hali hiyo. Taabu ni kwamba kabla ya kuitumia, kompyuta lazima itambue kwamba nyuso hizo kweli ziko kwenye bapa moja, na utambuzi huo unategemea namba mbili kuwa sawa kabisa, hadi desimali ya mwisho.

Katika picha ya F5 kazi hiyo hufanywa na kadi ya michoro, nukta kwa nukta ya skrini. Kila nukta huhifadhi umbali wa kitu kilicho karibu zaidi na jicho la mtazamaji. Nyuso mbili zenye umbali mmoja hushindana, na mshindi huamuliwa na makosa madogo ya kukadiria, ambayo hubadilika kila pembe ya kutazama inapobadilika. Ndiyo maana madoa yanahama.

Ukibonyeza F6, programu huacha picha na kukokotoa umbo lenyewe. Hapo bamba letu hutoka safi, maana 0 na 5 ni namba ambazo kompyuta huziandika bila kubakiza chochote. Wengi huishia hapo wakiamini kwamba tatizo lilikuwa la skrini tu. Kwa bamba hili wako sahihi.

Sasa inamisha bamba kwa nyuzi 20, halafu inamisha silinda peke yake kwa nyuzi 20 hizo hizo, ndipo uitoe. Kuinamisha ni kuzidisha kila kona kwa saini na kosaini ya pembe, namba zenye desimali zisizokwisha. Kompyuta hubakiza tarakimu kama 16 na kutupa zilizosalia. Kona za bamba zimekadiriwa kivyake, na zile 64 za kifuniko cha silinda kivyake. Kwenye karatasi zote ziko katika bapa moja. Ndani ya mashine baadhi ziko juu ya uso wa bamba na nyingine chini yake, kwa tofauti inayojitokeza kwenye desimali ya 14 au 15. Basi sehemu ya kifuniko huhesabiwa nje, sehemu ndani, na kwenye mdomo wa tundu hubaki vipande vya pembetatu vyembamba kupita kiasi.

Mtu atasema, basi tutumie hesabu zisizokadiria. Zipo, na OpenSCAD kwa miaka mingi imetumia maktaba ya CGAL inayofanya hivyo kwa sehemu kamili. Lakini kosa limeingia kabla hesabu hiyo haijaanza, wakati wa kuinamisha. Hesabu kamilifu hulipokea kosa, hulitunza kwa uaminifu, na kukukabidhi utando wenye unene wa sehemu ndogo isiyopimika ya milimita.

Dawa ni ile ambayo seremala huitumia bila kuifikiria: keekee haisimamishwi pale pale uso wa chini wa ubao unapoishia, hupitishwa kidogo hadi itokeze.

```
eps = 0.01;
difference() {
  cube([40, 40, 5]);
  translate([20, 20, -eps])
    cylinder(h = 5 + 2*eps, d = 8, $fn = 64);
}
```

Silinda sasa inaanza milimita 0.01 chini ya bamba na kuishia 0.01 juu yake. Vifuniko vyake vinaelea hewani, haviligusi bamba popote. Tazama ile `2*eps`. Anayeishusha silinda bila kuirefusha hupata tundu safi chini, na juu hubakiwa na ngozi ya milimita 0.01. Huo ni utando wa kweli kuliko ule wa mwanzo. Anayeirefusha kwa `eps` moja tu amerudi alikoanzia, maana kifuniko cha juu kimelala tena kwenye uso.

Vipimo vya bamba havijaguswa, kwa kuwa ziada yote imeingia mahali pasipo na kitu. Ikiwa tundu si la kupenya, sogeza mdomo tu. Sakafu ya shimo iache ilipo, la sivyo kina kitabadilika. Katika kuunganisha, mwelekeo hugeuka. Nguzo inayosimama juu ya bamba isiliguse tu, izamishwe 0.01 ndani yake. Michemraba miwili inayogusana kwa ukingo mmoja ni mibaya zaidi, kwa sababu nyuso nne hukutana kwenye mstari mmoja, na hata hesabu kamilifu haiwezi kulifanya hilo kuwa umbo halali. Ni mojawapo ya hali zinazoleta onyo hili:

```
Object may not be a valid 2-manifold and may need repair!
```

Kusema kweli, utando usio na unene mara nyingi hupita kwenye printa bila kuonekana, kwa sababu programu ya kuandaa uchapaji hukata umbo katika tabaka, na ngozi iliyo kati ya mikato miwili haiguswi. Balaa huja ukitaka kulikata tena umbo lile lile. Ukaguzi wangu ni kulitazama umbo la F6 kutoka chini, nikipitisha jicho katika kila tundu.

Kwa nini 0.01? Printa ya kawaida huchapa tabaka za milimita 0.2 kwa nozeli ya 0.4, hivyo 0.01 haionekani, na bado ni kubwa mara matrilioni kuliko makosa ya desimali ya 15. Lakini si namba ya kila mahali. Faili za STL za aina fupi huhifadhi namba kwa tarakimu kama 7 tu. Ukichora jengo la mita 300 kwa milimita, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa karibu na 300000 ni 0.03125, na 300000.01 huhifadhiwa kama 300000. Nyongeza yako imemezwa, na nyuso zimelala tena pamoja. Kwa jengo kama hilo weka `eps` ya milimita 1.