Mto unaingia au unatoka? Jinsi tafsiri ilivyowachanganya Wazungu wa kwanza kufika Tabora

Novemba 1857, msafara kutoka pwani uliingia Kaze, mji wa wafanyabiashara katika eneo la Tabora ya leo. Ndani yake walikuwemo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Ndio Wazungu wa kwanza wanaojulikana kufika hapo.

Hawakupokelewa kwa mishale. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliwakaribisha vizuri na kuwaeleza kuhusu maziwa ya bara. Tatizo lilikuja baadaye, na halikuwa vita. Lilikuwa lugha.

Nani aliongea na nani?

Burton alijua Kiarabu, hivyo Kaze alipiga soga na wenyeji wake bila shida. Speke hakukijua. Alichokuwa nacho ni Kihindustani cha jeshini, alichojifunza India.

Aliyemwokoa ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Bombay alijua Kihindustani na Kiswahili.

Kwa hiyo swali la Speke lilisafiri hivi: linaanza kichwani kwa Kiingereza, linatoka mdomoni kwa Kihindustani, Bombay analigeuza kuwa Kiswahili. Kama anayeulizwa hajui Kiswahili, anahitajika mtu mwingine wa kuligeuza tena. Jibu nalo linarudi kwa njia hiyohiyo.

Mto Rusizi

Kutoka Kaze walielekea magharibi, wakafika Ujiji Februari 1858. Huko kila kitu kilitegemea swali moja: Mto Rusizi, ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, unaingia ziwani au unatoka?

Kama unatoka na kwenda kaskazini, basi Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Mto Nile. Kama unaingia, hesabu hiyo imekufa.

Speke alivuka ziwa kumwona mfanyabiashara mwingine wa Kiarabu, Hamed bin Sulayyim. Alirudi na habari njema: mto unatoka.

Aprili walifika Uvira, karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa. Wenyeji wakawaambia kinyume chake: unaingia. Burton alivunjika moyo. Kwa mujibu wa maandishi yake, alipomuuliza Bombay, alijibiwa kwamba Speke alimwelewa vibaya Hamed, ambaye alisema mto unaingia.

Hapo ndipo ugumu ulipo. "Unaingia" na "unatoka" ni neno moja tu kila upande, na likigeuka njiani sentensi bado inaleta maana. Kosa la namna hiyo halijitangazi. Unalijua pale tu unapomuuliza mtu wa pili ambaye hajapitia kwa mkalimani yuleyule, au unapokwenda kuona mwenyewe.

Ziwa lisilo na mwisho

Waliporudi Kaze, Burton alibaki. Speke alitoka Julai 1858 kwenda kaskazini, na Agosti 3 akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Aliuliza linaishia wapi upande wa kaskazini. Mwenyeji mmoja alielekeza mkono huko, akawa anapiga vidole kuonyesha kitu kisichopimika, na kusema huenda linafika mwisho wa dunia.

Speke alikaa siku chache tu, akarudi Kaze Agosti 25 akiwa na uhakika: hiki ndicho chanzo cha Nile.

Burton hakukubali. Hoja yake ilikuwa ni ile njia ya maneno: Kihindustani kibovu, kikageuzwa Kiswahili, kikageuzwa tena lugha ya wenyeji. Baada ya kudanganywa na tafsiri kule Rusizi, kwa nini aiamini hapa?

Nani alikuwa sahihi?

Wote wawili, kwa namna tofauti. Ushahidi wa Speke ulikuwa dhaifu kama Burton alivyosema, lakini jibu lake lilikuwa la kweli. Mwaka 1862 alirudi na kuuona Nile ukitoka kwenye ziwa hilo, sehemu ya Jinja, Uganda. Hata hivyo ubishi haukuisha. Septemba 1864 walitarajiwa kukutana kwenye mkutano mjini Bath, Uingereza, lakini siku moja kabla Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake.

Swali la Rusizi lilifungwa Novemba 1871, pale David Livingstone na Henry Stanley walipopanda mtumbwi hadi mdomo wa mto na kuona maji yakiingia ziwani. Kisha wakaja Kwihara, Tabora. Mkuu wa walinzi wa msafara wa Stanley alikuwa Bombay yuleyule.

Wenyeji wa Uvira walikuwa wameshasema hivyo miaka 13 nyuma.