Wimbo wa Tangazo Una Wenyewe

Mwaka 2019 video ya wimbo "Uno" wa Harmonize iliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kuwa mdundo wake umetumika bila ruhusa. Ikiwa msanii mkubwa alikutwa na hilo, muuza vitunguu swaumu wa Mbulu anayebandika wimbo wowote kwenye tangazo lake hana kinga.

Tuchukue tangazo la namna hiyo: video ya nusu dakika ya vitunguu vikipakiwa magunia, kwa ajili ya Instagram, TikTok na YouTube. Kwenye akaunti binafsi ya Instagram nyimbo maarufu zimejaa. Akiibadilisha kuwa akaunti ya biashara, nyingi hazipatikani tena. Simu haijaharibika. Wenye nyimbo waliruhusu burudani, hawakuruhusu kuuzia bidhaa.

Zilizobaki kwa ajili ya biashara zipo mahali pake: Meta wana Sound Collection, TikTok wana Commercial Music Library, YouTube wana Audio Library. Hapo ndipo wengi hukwama. Muziki wa maktaba ya TikTok umeruhusiwa ndani ya TikTok tu, hivyo video ikipakuliwa ikiwa na muziki wake na kupandishwa YouTube, dai linaweza kufuata. Dawa ni kuhifadhi video isiyo na muziki, kisha kuuweka upya katika kila mtandao kutoka maktaba yake.

Je, akitaka wimbo wa kwaya ya parokia ya jirani? Aombe kwa maandishi, na barua itaje jina la wimbo, mitandao, muda, na kwamba ni tangazo la biashara. Idhini ya mwalimu wa kwaya peke yake huenda isitoshe: mtunzi ana haki yake, na aliyegharimia kurekodi naye ana yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda wote.

Picha nazo zina wenyewe. Picha ya Mlima Hanang iliyopo Wikimedia Commons kwa leseni ya CC BY-SA inaweza kutumika kibiashara, mradi mpiga picha atajwe, leseni itajwe na kuunganishwa, na mabadiliko yaelezwe. Picha iliyorekebishwa nayo itolewe kwa leseni hiyo hiyo. Mahali pengine, leseni ikiwa na herufi NC, isiguswe kwa tangazo.

Dai la moja kwa moja la YouTube mara nyingi huzuia video au humpa mwenye haki mapato yake, na akaunti hubaki salama. Onyo la hakimiliki ni zito zaidi: matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Mwenye barua au leseni apinge akiambatanisha ushahidi. Asiye nayo aufute wimbo mapema, kabla onyo halijafika.