Kizunguzungu cha Kugeuka Kitandani

Wanaokipata hukisimulia karibu kwa maneno yaleyale. Mtu amelala vizuri, akigeukia kulia chumba kizima kinaanza kuzunguka, naye anang'ang'ania godoro. Haipiti dakika moja, kimetulia. Kesho yake akiinua uso kutazama rafu ya juu, kinarudi. Wengi hukimbilia kupima presha, na mara nyingi hukuta iko sawa.

Tatizo liko sikioni. Ndani kabisa ya sikio mna kifuko chenye chembe ndogo za chokaa zilizonata kwenye utando laini, na uzito wake hutusaidia kujua kichwa kimeinamia wapi. Kifuko hicho kimeungana na mifereji mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, kazi yake kuhisi kichwa kinapozunguka. Kwa uzee, kwa pigo la kichwani, au bila sababu inayoonekana, chembe hubanduka na kutumbukia mferejini, hasa ule wa nyuma. Kichwa kikibadili mkao zinaporomoka na kuyasukuma majimaji, na ubongo unapata habari ya mzunguko ambao haupo. Zikishatua, kizunguzungu kinakwisha.

Daktari hulithibitisha hilo kwa kipimo walichokieleza Dix na Hallpike mwaka 1952. Tuseme sikio la kulia ndilo linaloshukiwa. Mgonjwa anaketi kitandani, kichwa kinageuzwa nyuzi 45 kulia, kisha analazwa chali upesi, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Zinapita sekunde chache, halafu macho yanaanza kuchezacheza na kujizungusha yenyewe. Macho hayo ndiyo ushahidi.

Tiba inaanzia papo hapo, kwa mbinu ya John Epley, daktari wa Marekani ambaye wenzake walimbeza kwa miaka kabla makala yake haijachapishwa mwaka 1992. Mgonjwa anabaki hivyo nusu dakika hadi dakika nzima. Kichwa kinageuzwa nyuzi 90 kushoto, anasubiri tena. Kisha analalia ubavu wa kushoto, pua ikielekea sakafuni, anasubiri. Mwisho anaketishwa polepole. Kila mkao unauweka mfereji namna ambayo chembe zinateremka hatua moja mbele, mpaka zinatokea upande wa pili na kurudi kifukoni, ambako hazisumbui.

Ndiyo maana haraka huharibu: chembe zikikosa muda wa kushuka, zinabaki njiani. Ukikosea sikio, hutafaidika, na chembe za mfereji wa pembeni zina mageuzo yake mengine. Vidonge hupunguza kichefuchefu tu, chembe havizitoi. Mwenye shingo mbovu asijaribu bila mtaalamu. Kizunguzungu kisichokatika, au kinachokuja na ulimi mzito, kuona vitu viwili, mkono kulegea au kushindwa kutembea, si cha chembe hizi. Hicho ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, maana huenda ni kiharusi.