Ukiwa na huzuni, usianze na sebeni: namna ya kupanga nyimbo ili moyo ubadilike

Wiki mbili baada ya kuzika dada yake, jirani yangu mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alikuwa bado anakaa mlangoni bila kusema. Watoto wake walimhurumia. Jioni moja wakafungua ndombolo kwa sauti kubwa ili mama acheke kidogo. Mama hakucheka. Aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Baadaye aliwaeleza kwamba muziki ule ulimfanya aone kama nyumba nzima imekwisha kumsahau marehemu.

Watoto hawakukosea kufikiri kwamba muziki unaweza kumsaidia. Walikosea mahali pa kuanzia.

Watu wanaotibu kwa muziki wanalijua kosa hilo tangu zamani. Katika miaka ya 1940, daktari wa magonjwa ya akili Ira Altshuler, aliyefanya kazi karibu na mji wa Detroit huko Marekani, aliona kwamba mgonjwa mwenye huzuni hafuati muziki wa furaha. Anaukataa, au hausikii kabisa. Lakini ukimpigia kwanza muziki unaofanana na hali yake, anasikiliza. Ukiisha kumshika hivyo, unaweza kubadili mwendo kidogo kidogo, naye anabadilika pamoja nao. Kanuni hiyo inatumika hata leo: anza pale mtu alipo, kisha tembea naye.

Kwetu Kongo kanuni hii haipaswi kushangaza mtu, kwa sababu nyimbo zetu nyingi zimejengwa hivyo. Rumba ya kawaida inaanza polepole. Mwimbaji analalamika: mpenzi amekwenda, rafiki amesaliti, pesa hakuna. Sauti zinamjibu kwa upole. Baada ya dakika kadhaa gitaa la solo linachukua nafasi, ngoma zinakaza, maneno yanapungua, na watu wanasimama. Hapo ndipo sebeni. Kundi la Zaïko Langa Langa, lililozaliwa Kinshasa mwaka 1969, ni kati ya waliorefusha sehemu hiyo, na katika miaka ya 1980 likaingiza atalaku, yule mpiga kelele anayewasukuma wachezaji. Sebeni inapendeza zaidi kwa sababu malalamiko yalitangulia. Siku hizi vijana wengi wanaruka mwanzo wa wimbo na kutafuta sebeni moja kwa moja kwenye telefoni. Mimi pia ninafanya hivyo kwenye sherehe. Lakini kwa mtu mwenye moyo mzito, sehemu inayorukwa ndiyo mlango.

Basi mtu apange namna gani? Nyimbo tano au sita zinatosha, karibu nusu saa hivi. Wimbo wa kwanza ufanane na hali uliyo nayo kweli, si ile unayoitaka. Wa pili uwe wa mwendo uleule, lakini usiwe na maneno mazito kama wa kwanza. Kuanzia wa tatu, mwendo uongezeke kidogo. Ili kuupima, gonga mguu pamoja na ngoma kwa sekunde 15, uhesabu, kisha zidisha mara nne: ndipo unajua mapigo ya dakika moja. Ukihesabu 18 umepata 72, ambao ni wimbo wa polepole. Ukihesabu 30 umepata 120, na hapo mwili unataka kucheza. Kutoka 72 usiruke mpaka 120. Pitia 80, 95, 105. Hata kama hesabu haitoki sawasawa, sikio lako litakuambia: wimbo mpya ukikushitua au kukuudhi, umeruka hatua. Rudi nyuma wimbo mmoja.

Kwa jirani yangu tulifanya hivyo siku nyingine, watoto wake na mimi. Tulianza na wimbo wa kanisa ambao dada yake alikuwa anaupenda, na mama alilia. Tukauacha uishe. Ukafuata mwingine wa kwaya, wa mwendo uleule, wenye maneno ya shukrani. Wa tatu ulikuwa rumba ya zamani, na hapo akaanza kutusimulia jinsi dada yake alivyokuwa anacheza vibaya. Katika wimbo wa nne alikuwa anapiga kidole kwenye kiti. Wa tano, wenye sebeni ndefu, hakuucheza, lakini aliomba tusiuzime.

Kanuni hii inafanya kazi pia kwa kushuka. Mtu aliyerudi nyumbani na hasira, au ambaye hapati usingizi baada ya usiku wa milio ya risasi, hatulizwi na wimbo laini papo hapo. Aanze na muziki mkali, wenye ngoma, halafu ashuke wimbo kwa wimbo mpaka chini ya 70. Kwenye ngazi ya mwisho, kuimba kunasaidia kuliko kusikiliza. Sababu yake ni pumzi. Anayeimba anavuta hewa haraka na kuitoa polepole, kwa urefu wa mstari mzima, na moyo unapunguza mbio kila mara pumzi inapotoka taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kwamba mioyo ya watu wanaoimba pamoja wimbo wa polepole inapanda na kushuka kwa pamoja, kwa kuwa wote wanapumua mahali pamoja. Mwanakwaya yeyote anayetoka mazoezini akiwa mtulivu kuliko alivyoingia amekwisha kulihisi jambo hilo mwilini mwake. Hata kuvumisha wimbo bila maneno, mdomo umefungwa, kunatosha wakati watoto wamelala.

Mambo yanaweza kuharibika. La kwanza ni kubaki kwenye ngazi ya chini. Kuna watu wanaorudia wimbo uleule wa huzuni mara kumi, peke yao gizani, wakitafuna jambo lililowaumiza. Hao wanatoka wakiwa wabaya zaidi kuliko walivyoingia. Alama yake ni rahisi: kama baada ya wimbo wa pili mawazo bado yanazunguka palepale, ondoa nyimbo zenye maneno, weka gitaa tupu, usimame utembee. La pili ni kumbukumbu. Wimbo wa furaha uliopigwa siku ya balaa si wimbo wa furaha tena, hata kama mwendo wake unazidi 120. Na kwa mtu anayesema kwamba hataki kuishi, usianze na nyimbo zinazozungumza kifo, kama Mokolo Nakokufa wa Tabu Ley, hata kama ni wimbo mkubwa. Mtu huyo asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa yule ambaye kwa wiki mbili halali, hali, wala hafurahii kitu.

Pale muziki unapotumiwa kwa majeraha makubwa, haupigwi na telefoni tu. Katika hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, wanawake waliotendewa ukatili wamekuwa wakitunga nyimbo zao wenyewe wakiwa na mshauri wa mambo ya moyo pamoja na fundi wa studio, kisha wanazirekodi. Hapo ngazi ya kwanza ni maneno ya mwanamke mwenyewe, kwa mwendo anaouchagua yeye, na hakuna anayemharakisha kufika kwenye sebeni.

Jirani yangu bado hajacheza. Lakini Jumapili iliyopita nilimsikia akifua nguo uani huku akivumisha ile rumba ya zamani, ile ya wimbo wa tatu.