Puto, Tumbusi na Uwanja wa Port Reitz: Rekodi za Kimo Kwenye Ramani ya Ndege

Ukikaa Likoni au Kisauni, ndege ikipita husikii tu mngurumo wake. Siku hizi unatoa simu, unafungua Flightradar24, unabonyeza kile kijindege cha manjano, na papo hapo unapewa kimo kwa futi: 33,000, 11,500, 2,100. Futi hizo ndizo zinazowasumbua wengi, kwa kuwa shuleni tumefundishwa mita.

Tuanze na kilichopaa juu kuliko vyote. Kwenye anga ya Kenya, rekodi ninayoitambua mimi si ya ndege bali ya maputo ya Loon, yaliyoanza kutoa intaneti ya Telkom Kenya mwezi Julai 2020 upande wa magharibi na kati ya nchi. Kwenye ramani yalionekana kwa jina la HBAL na namba, yakielea polepole kwenye futi 60,000 na zaidi, wakati ndege za abiria ziko huko chini kwenye elfu thelathini na kitu. Futi 65,000 ni mita 19,812. Mradi ulifungwa 2021, kwa hiyo usiyatafute tena.

Kwa upande wa ndege wenye manyoya, bingwa ni tumbusi wa aina ya Rüppell, ambaye hapa kwetu huzalia majabali ya Hell's Gate. Mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan tarehe 29 Novemba 1973, kwenye futi 37,000, yaani mita 11,278. Boeing 737-800 ya Nairobi–Mombasa ina ruhusa ya kufika futi 41,000 tu, sawa na mita 12,497.

Nimezipataje hizo mita? Futi moja ni mita 0.3048 kamili. Wengi hugawa kwa tatu, na hesabu hiyo ina kosa kubwa. Chukua ndege inayokuja Mombasa kwa futi 33,000. (Inayokuja kwetu hupewa elfu za witiri, inayorudi Nairobi hupewa za shufwa.) Ukigawa kwa tatu unapata mita 11,000, kumbe jibu ni 10,058. Umeiongezea ndege karibu kilomita nzima. Njia fupi iliyo bora ni hii: kila futi elfu moja, hesabu mita 300, kisha ongeza mita 5. Mara 33 hiyo ni 9,900 na 165, jumla 10,065. Umekosea kwa mita saba tu, na hukuhitaji kikokotoo.

Sasa lije pengo jingine, na wengi hawalijui. Futi za kwenye ramani hazipimwi kwa kamba kutoka baharini. Chombo cha ndege hupima kanieneo ya hewa, kisha huigeuza kuwa kimo kwa kudhani kwamba usawa wa bahari una hektopaskali 1013.25 na hewa ina joto la wastani wa vitabuni. Hewa ya ikweta ina joto zaidi ya hapo, imetanuka. Kwa hiyo ndege inayosomeka futi 33,000 juu ya Changamwe huwa, kwa mita za kweli, juu zaidi kwa takriban mita 500. Hakuna hatari, kwani marubani wote wanasoma kosa lile lile na nafasi kati yao inabaki. Lakini anayebishana kama ni mita 10,058 au 10,065 anapoteza muda wake.

Kati ya viwanja viwili vya safari hiyo, ulio chini ni uwanja wetu wenyewe. Moi, pale Port Reitz, una mwinuko wa futi 200, mita 61. JKIA una futi 5,330, mita 1,625. Ndiyo maana ndege ikinyanyuka tu Nairobi, simu inaruka kutoka sifuri hadi elfu tano na zaidi, nawe ukadhani imerushwa kwa roketi. Ikiwa chini simu huandika sifuri. Ikiwa angani huhesabu kutoka usawa wa bahari, si kutoka paa la nyumba yako.

Hata Port Reitz namba hudanganya. Majira ya kusi kanieneo hupanda. Tuseme imefika 1016. Kila hektopaskali moja huku chini ni kama futi 27, kwa hiyo ndege inayokaribia kugusa lami ya futi 200 itasomeka kama futi 126, na kwa kuwa transponda nyingi hutuma kwa hatua za futi 25, utaona 125. Mtu asiyejua atasema ndege imezama mita 23 chini ya uwanja.

Apu inakuruhusu kubadilisha kipimo kuwa mita kwenye mipangilio. Ushauri wangu, kiache kwenye futi: mnara na rubani wanazungumza kwa futi, na ukiwasikia redioni utawafuata bila tabu. Mita zitafute pale tu unapotaka kulinganisha na kitu unachokijua, kama Kilimanjaro, yenye mita 5,895, yaani futi 19,341.