Kumtoa Msemaji Kwenye Picha Bila Kitambaa cha Kijani

Mtu akihojiwa mbele ya kitambaa cha kijani, kompyuta huifuta rangi hiyo na kumwacha yeye. Akiwa amekaa mbele ya kabati la vitabu, hakuna rangi moja ya kufuta. Inabidi umbo lake lifuatishwe fremu baada ya fremu. Mbinu hiyo, rotoskopu, Max Fleischer aliiombea hataza Marekani mwaka 1915, alipotaka katuni zake zitembee kama watu halisi.

Chukua mahojiano ya sekunde 20 yaliyorekodiwa kwa fremu 25 kila sekunde: ni fremu 500. Katika After Effects unampaka msemaji kwa Roto Brush kwenye fremu moja, na programu inalifuata umbo lake katika fremu zinazobaki. Ukisimamisha video, picha ni safi. Ukiicheza, kingo za mabega zinachemka kama maji.

Sababu ni kwamba programu inatafuta mpaka upya katika kila fremu. Pale koti jeusi linapokutana na kabati jeusi, chembechembe za picha hubadilika kila mara, na mpaka husogea pikseli moja au mbili ilhali bega limetulia. Jicho husamehe mpaka uliokosewa kidogo; usiotulia haliusamehi.

Kwa hiyo dawa ni kupunguza mara ambazo mpaka unaamuliwa. Mabega na kiwiliwili vichoree maski kwa mkono, kila mkono unaopungapunga ukiwa na maski yake. Weka fremu kuu pale mwendo unapoanzia na unapoishia, kisha iache kompyuta ijaze katikati. Kagua katikati hapo, na uongeze fremu kuu pale tu mstari ulipoachana na koti. Tumia pointi chache, na pointi iliyowekwa kwenye mshono wa bega ibaki kwenye mshono huo hadi mwisho. Ikiteleza kwenye kitambaa, mtetemo unarudi.

Nywele hazichoreki hivyo. Hizo ziachie Roto Brush pamoja na Refine Edge, kisha ongeza Reduce Chatter kidogokidogo. Kipimo hicho huchanganya mpaka wa fremu moja na wa fremu jirani, ndiyo maana hutuliza. Lakini ukikizidisha, msemaji akigeuka ghafla mpaka huchelewa, na kipande cha kabati hujitokeza kando ya sikio.

Ukaguzi ufanye kwa kuitazama maski peke yake, nyeusi na nyeupe, video ikienda kwa kasi yake ya kawaida. Mtetemo hauonekani kwenye picha iliyosimama. Na mandhari mpya yawe na mwanga unaokaribiana na ule wa zamani. Nywele zilizopigwa picha mbele ya kabati jeusi hubeba weusi wake katikati ya nyuzi, na ukuta mweupe utauanika wote.