Yah: Maagizo ya Kuongeza Sakafu Mbili

Chukua mfano wa mwenye nyumba aliyejenga jengo la sakafu nne kwa mujibu wa kibali. Wapangaji wamegombea vyumba kabla rangi haijakauka, naye anamwandikia mhandisi wake: ongeza sakafu mbili juu, mkandarasi yuko tayari, wewe weka sahihi na muhuri. Barua ya kukataa inayomfaa mteja huyo haianzi na maneno ya heshima ya taaluma. Inaanza na nguzo moja ya katikati, pale chini kabisa.

“Nguzo hiyo,” mhandisi anaandika, “ni ya sentimita 30 kwa 30, yenye nondo nne za milimita 20. Kwa hesabu za BS 8110 inaruhusiwa kubeba tani 119. Leo inabeba sakafu tatu zilizo juu yake na paa la zege. Kila sakafu inaihesabia tani 30, paa tani 20, jumla 110. Ukiongeza mbili, jumla inafika 170.”

Mteja mwerevu atauliza swali zuri. Tani hizo 30 si uzito halisi, kwa kuwa kanuni inataka uzito wa jengo lenyewe uzidishwe kwa 1.4 na ule wa watu na vitu kwa 1.6. Uzito halisi wa kila sakafu juu ya nguzo ile ni tani 21, na wa paa 14. Kwa hiyo hata zikiongezwa mbili, mzigo wa kweli ni tani 119, sawasawa na uwezo wa nguzo. Si inatosha?

Hapa ndipo mhandisi mkweli anapopata kazi ngumu, kwa sababu hawezi kusema jengo litaanguka kesho. Huenda likasimama miaka mingi. Anachokataa ni kula akiba. Akiba ile imewekwa kwa ajili ya siku fundi alipozidisha maji kwenye zege, nondo iliyokaa vibaya, na mpangaji atakayegeuza sebule kuwa ghala la saruji. Nguzo nayo haina subira ya boriti: boriti iliyosanifiwa vizuri hupinda na kuonyesha nyufa kwanza, ilhali nguzo iliyozidiwa inaweza kupasuka ghafla watu wakiwa ndani. Msingi nao umepitwa. Kitako cha mita 2.2 kwa 2.2, kwenye udongo unaoruhusiwa tani 20 kwa kila mita ya mraba, kinaweza kubeba kama tani 97 tu za uzito halisi.

Kukataa peke yake hakutoshi, na Seoul inatuonyesha kwa nini. Jengo la Sampoong lilisanifiwa kwa matumizi mengine, kisha mwenye mali akataka liwe duka kubwa, mabadiliko yaliyohitaji baadhi ya nguzo ziondolewe ili kupisha ngazi za umeme. Kampuni ya ujenzi ilikataa, ikaondolewa, na kazi ikaendelea chini ya kampuni ya mwenye mali mwenyewe. Sakafu ya tano ikaongezwa, ikawekwa migahawa. Tarehe 29 Juni 1995 liliporomoka na kuua watu 502. Waliokataa walikuwa sahihi, lakini kukataa kwao hakukumfikia mnunuzi aliyeingia dukani siku ile.

Ndiyo maana mstari ninaouona kuwa wa thamani kuliko yote katika barua ya namna hii ni ule wa chini, baada ya sahihi: “Nakala: Mkurugenzi wa Halmashauri.” Mteja ndiye anayelipa, na siri zake za biashara zinastahili kutunzwa. Lakini wajibu wa kwanza wa mhandisi ni usalama wa watu, na mpangaji wa sakafu ya chini hakuulizwa kama anakubali hatari. Mteja akisisitiza, mamlaka iliyotoa kibali inapaswa kujua kabla mhandisi mwingine hajashawishiwa kugonga muhuri. Nakala haitumwi kwa siri: mteja anaisoma humo humo kwenye barua yake.

Barua pia inamwachia mlango. “Nipo tayari,” mhandisi anaendelea, “kuchimba pembeni mwa misingi tuipime, kukata vipande vya zege vikapimwe maabara, kisha kusanifu upya. Nguzo zinaweza kuvikwa zege jipya lenye nondo zake, na vitako vikapanuliwa. Gharama itakuwa kubwa, na sakafu ya chini itabidi ihamwe kwa muda. Baada ya hapo tutaomba kibali kipya. Mpaka hapo, michoro yangu isitumike kwa kazi yoyote iliyo juu ya paa la sasa, na naomba mkandarasi apewe barua hii kabla hajaleta nondo.”